Si kila 'z' ni ya Mmarekani: Makosa ya mwaliko mmoja wa Nyamira

Juma lililopita niliitwa kuamua kesi ya karatasi 200. Karatasi zenyewe zilikuwa zimefungwa kwa mpira juu ya meza ya saiba moja mjini Nyamira, na hakuna aliyezitaka. Msichana aliyezipiga chapa alikuwa akidai shilingi 2,000, yaani shilingi kumi kwa kila nakala. Mwenyekiti wa chama cha ushirika aliyeziagiza alikataa kata kata kulipa. Mwalimu mstaafu kutoka pande za Keroka, aliyesahihisha nakala ya kwanza kwa kalamu nyekundu, alikuwa ameketi pembeni akisema yeye alifanya kazi yake.

"Mwalimu, wewe huandika gazetini mambo ya lugha," msichana aliniambia. "Angalia tu uniambie. Ni mimi nitalipa hizi karatasi?"

Sikuwa na haraka ya kujibu. Nilimwomba anipe nakala ya kwanza, ile yenye wino mwekundu, kisha nakala ya pili iliyochapishwa. Makala haya ni uhakiki wa nakala hizo mbili. Sitawataja wahusika wala chama chao kwa kuwa kosa lililotendeka pale hutendeka kila wiki katika ofisi, shule na makanisa ya Kisii na Nyamira, na aghalabu hakuna anayeitwa kuamua.

Maandishi yenyewe ni mafupi. Ni mwaliko wa Kiingereza wa ukurasa mmoja, wenye maneno 120 hivi, unaowaalika wakulima kwenye siku ya maonyesho. Unasema kutakuwa na upimaji wa udongo, mashindano ya mahindi yenye zawadi, mafunzo ya kutumia dawa za kilimo kwa usalama, na hotuba ya mwenyekiti wa heshima. Sarufi yake si mbaya. Tatizo liko kwenye tahajia: baadhi ya maneno yameandikwa Kiingereza cha Uingereza na mengine cha Marekani, yote katika ukurasa ule ule.

Nilichukua kalamu nikatafuta kila neno ambalo Mwingereza na Mmarekani hawaliandiki kwa namna moja, au ambalo Waingereza wenyewe wana namna mbili za kuliandika. Niliyapata kumi na moja. Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo mhakiki wa tahajia anapaswa kufanya, na ndilo ambalo wengi huliruka. Mtu husoma karatasi, neno moja likamkera, akalizungushia wino, akaendelea hadi likamkera jingine. Kwa njia hiyo anasahihisha kero zake, na maneno yasiyomkera yanabaki yalivyo. Katika maandishi marefu ya kurasa 300 huenda ukasamehewa kwa sababu maneno hayo yako mbalimbali. Katika ukurasa mmoja jicho huyaona yote kwa mtupo mmoja, na ndiyo maana maandishi mafupi hayana mahali pa kujificha.

Maneno yenyewe yalikuwa haya. Kwenye kichwa kulikuwa na 'Programme', lakini katika aya ya pili ratiba ile ile ikaitwa 'program'. Jumba la mafunzo likaandikwa 'Center'. Kulikuwa na 'organized' katika mstari wa kwanza na 'recognise' katika mstari wa tano. Vijiji jirani viliitwa 'neighbouring', kwa 'u', lakini kazi ya shambani ikaitwa 'labor', bila 'u'. Mbolea iliandikwa 'fertilizer'. Udongo ungepimwa, 'analyzed'. Wauzaji wa dawa za kilimo waliombwa wabebe leseni, 'license', na wakulima wakahimizwa kutenda, 'practice', yale watakayofunzwa.

Sasa tuyapange. Hapo ndipo msomaji atakapoona kwamba mambo hayako kambi mbili tu jinsi tulivyofunzwa shuleni. Kuna maneno matatu ambayo Mmarekani hayaandiki hivyo: 'Programme', 'neighbouring' na 'recognise'. Kuna sita ambayo, katika maana zilizokusudiwa pale, ni ya Kimarekani: 'program', 'Center', 'labor', 'analyzed', 'license' na 'practice'. Halafu kuna mawili yaliyo na uraia wa nchi mbili: 'organized' na 'fertilizer'. Tatu, sita na mawili: kumi na moja.

Hayo mawili ya mwisho ndiyo yaliyozaa kesi nzima. Mwalimu wetu, kama walimu wengi wa kizazi chake, alifundishwa kwamba Mwingereza huandika '-ise' na Mmarekani '-ize'. Nusu ya pili ni kweli: Mmarekani huandika '-ize'. Nusu ya kwanza si kweli. Kamusi kubwa ya Oxford, ambayo hakuna anayeweza kusema ni ya Marekani, imeshikilia '-ize' tangu mwanzo wake. Hoja yake ni ya asili ya neno: kiambishi hicho kilitoka kwenye Kigiriki, '-izein', chenye sauti ya 'z', kikapitia Kilatini kabla ya kufika kwenye Kiingereza. Waliochagua '-ise' walifuata njia ya Kifaransa. Waingereza wengi leo, magazeti yao yakiwemo, huandika '-ise', lakini '-ize' haijawahi kuwa kosa kwao.

Asiyeamini na atazame majina ya mashirika ya kimataifa. Shirika la Kazi Duniani, lililoanzishwa mwaka wa 1919, kwa Kiingereza huitwa International Labour Organization. Tazama vizuri. Neno la pili lina 'u' ya Mwingereza. Neno la tatu lina 'z'. Kwa kanuni ya mwalimu wetu, jina hilo limechanganya nchi mbili katika maneno matatu. Kwa kweli halijachanganya lolote. Ni tahajia ya Oxford tangu mwanzo hadi mwisho. Shirika la Afya Duniani pia ni World Health Organization, kwa 'z', na hilo lilikuwemo kwenye mwaliko wetu kama chanzo cha ushauri wa kutumia dawa za kilimo kwa usalama.

Turudi basi kwenye wino mwekundu. Mwalimu alizungushia maneno sita: 'program', 'Center', 'labor', 'organized', 'fertilizer' na 'Organization'. Pembeni akaandika amri moja, kwa herufi kubwa: ondoa kila 'z', ni ya Kimarekani.

Katika matatu ya kwanza alikuwa sahihi kabisa. Chama kilikusudia kuandika Kiingereza cha Uingereza, kichwa chenyewe kilishasema 'Programme', na zaidi ya hayo, kibao kilicho juu ya mlango wa jumba la mafunzo kimeandikwa 'Centre' kwa rangi ya kijani. Mwaliko ulikuwa unabishana na mlango wake wenyewe.

Katika 'organized' na 'fertilizer' alipata jibu ambalo huenda likakubalika, lakini kwa sababu isiyo ya kweli. Kasoro ya 'organized' haikuwa 'z' yake. Kasoro ilikuwa kwamba mistari minne chini yake kulikuwa na 'recognise'. Angeweza kuisahihisha kwa kubadilisha neno lolote kati ya hayo mawili. Tofauti hii si ya kutafuta makuu. Anayesahihisha kwa sababu isiyo ya kweli atapatia leo na kukosea kesho, na huyu hakungoja kesho: alikosea katika neno la sita. 'Organization' ilikuwa sehemu ya jina rasmi la shirika. Jina rasmi halisahihishwi na mtu wa nje. Ukiandika World Health Organisation kwa 's', hukulifanya jina kuwa la Kiingereza cha Uingereza. Umelikosea tu, kama vile mtu akiandika jina lako kwa herufi anazozipenda yeye.

Na je, yale aliyoyaruka? Hapa ndipo nilipomwonea mwalimu huruma, kwa sababu aliacha maneno matatu ambayo yalikuwa ya Kimarekani kuliko yote aliyoyakamata.

La kwanza ni 'analyzed'. Hili lina 'z', na hii 'z' kweli ni ya Mmarekani. Hata Oxford, mtetezi mkuu wa '-ize', huandika 'analyse' kwa 's'. Sababu ni ile ile ya asili. 'Analyse' halina kiambishi cha '-izein' ndani yake. Limetokana na 'analysis', na 's' hiyo ni sehemu ya mzizi wenyewe wa Kigiriki. Kwa hiyo, ukitaka herufi moja itakayokuambia kama mwandishi anafuata Marekani, usitazame 'organize'. Tazama 'analyze' na 'paralyze'. Hizo ndizo alama za kweli.

La pili ni 'license'. Mwingereza hutenga nomino na kitenzi: leseni yenyewe ni 'licence', kwa 'c', na kumpa mtu leseni ni 'license', kwa 's'. Mmarekani hutumia 's' kote. Mwaliko ulitaka watu wabebe leseni, yaani kitu cha mkononi, kwa hivyo ilifaa iwe 'licence'. La tatu, 'practice', linafuata utaratibu uo huo: kwa Mwingereza nomino ina 'c' na kitenzi kina 's'. Wakulima waliambiwa watende, na kutenda ni kitenzi, hivyo 'practise'. Mmarekani angeandika 'c' pande zote mbili. Anayesahau atumie 'advice' na 'advise', ambayo hata matamshi yake hutofautiana: ushauri una 'c', kushauri kuna 's'. Pale ambapo sikio haliwezi kusaidia, maneno hayo mawili yatasaidia.

Kulikuwa pia na neno la kumi na mbili, ambalo sikulihesabu kwenye mgawanyiko kwa sababu si la upande wowote. Mwenyekiti wa heshima aliitwa 'Honourary Chairman'. Niliuliza neno hilo limetoka wapi.

"Nilijua Waingereza wanapenda 'u'," msichana akasema. "Kama 'honour' iko na 'u', si hata hii iko nayo?"

Hapana, haiko nayo. Mwingereza huandika 'honour' na 'honourable', lakini 'honorary', bila 'u'. Vivyo hivyo 'humour' lakini 'humorous', 'vigour' lakini 'vigorous', 'labour' lakini 'laborious'. Viambishi vya Kilatini kama '-ous' na '-ary' huiondoa 'u' hiyo, ilhali '-able' huiacha. Hili ni kosa la kujihami. Mtu aliyeambiwa mara nyingi kwamba amekosa herufi fulani hufikia kuiweka hata isipotakiwa, na kwa kawaida hulitenda akiwa anajitahidi kuliko wengine. Msichana huyu alikuwa amejitahidi. Mwalimu hakulizungushia wino, na nadhani ni kwa sababu hiyo hiyo: 'u' ilimtuliza.

Hiyo ndiyo nakala ya kwanza. Sasa tuje kwenye zile 200.

Msichana alipoipata karatasi yenye wino alibadilisha 'program', 'Center' na 'labor' kwa mkono, moja moja, bila shida. Kisha akaisoma ile amri ya pembeni: ondoa kila 'z'. Alikuwa na wateja wanaongoja. Akabonyeza Ctrl+H, kwenye kisanduku cha juu akaandika iz, cha chini akaandika is, akabofya Replace All. Kompyuta ikatii.

'Organized' ikawa 'organised', 'fertilizer' ikawa 'fertiliser', na 'Organization' ikawa 'Organisation', yote kama mwalimu alivyotaka. Lakini kompyuta haijui asili ya neno. Inajua herufi mbili zinazofuatana. Mahindi, 'maize', yakawa 'maise'. Ukubwa wa shamba, 'size', ukawa 'sise'. Wananchi, 'citizens', wakawa 'citisens'. Na zawadi ya mshindi, 'prize', ikawa 'prise'. 'Analyzed', ile 'z' pekee iliyostahili kuondoka, ikabaki salama kwa sababu ina 'y' mahali pa 'i'.

Nitakuwa mkweli: nilicheka. Halafu nikamwona msichana hacheki.

Ni rahisi kusema kwamba angesoma tena kabla ya kuchapisha. Kweli, angesoma. Lakini kuna mambo mawili yanayofaa kusemwa kwa upande wake. Kwanza, yeye, mimi na yule mwalimu sote tumezaliwa na Ekegusii, na Ekegusii hakina sauti 'z'. Wengi wetu tunapolitamka neno la Kiingereza la mahindi huwa tunatoa 's' mwishoni. Kwa hivyo, anayesoma kwa sikio, akijisomea kimoyomoyo, hatasikia kosa lolote katika 'maise' wala 'sise'. Macho ndiyo yangelikamata, na macho ya mtu wa saiba saa kumi jioni yamechoka. Msahihishaji wa kwetu anapaswa kulijua hili kujihusu yeye mwenyewe: katika jambo la 's' na 'z', asitegemee sikio.

Pili, kompyuta yake haikumwonya. Kwa kawaida programu ya kuandikia huweka mstari mwekundu wa mawimbi chini ya neno isilolijua. 'Maise', 'sise' na 'citisens' yangepigiwa mistari hiyo. Nilipoichunguza nikakuta ukaguzi wa tahajia ulikuwa umezimwa kwenye aya hizo. Hata ungekuwa umewashwa, 'prise' ingepita, kwa sababu ni neno halali la Kiingereza cha Uingereza lenye maana ya kubandua kitu kwa nguvu. Wakulima wa Nyamira wangealikwa kushindania kubanduliwa.

Hapa inafaa tueleze mchanganyiko huu hutokea vipi, maana sikubaliani na wanaosema ni ujinga wa vijana. Mwaliko ule haukuandikwa na mtu mmoja. Kichwa na aya ya kwanza zilitoka kwenye mwaliko wa mwaka uliopita. Sehemu ya upimaji wa udongo ilinakiliwa kutoka kwenye mtandao. Sehemu ya dawa ilitumwa kwa simu na afisa mmoja. Mwenyekiti akaongeza mistari yake mwenyewe. Vipande vinne, kalamu nne. Katika Microsoft Word kila kipande cha maandishi hubeba alama ya lugha yake, isiyoonekana kwenye karatasi. Ukinakili aya iliyoandikwa kwa English (United States), ukaibandika katikati ya aya za English (United Kingdom), yaweza kuja na alama yake. Aya hiyo itakaguliwa kwa kamusi ya Marekani na jirani yake kwa kamusi ya Uingereza, kila moja itaonekana safi, na ukurasa mzima hautakuwa na mstari mwekundu hata mmoja. Ukosefu wa mistari hiyo unakuambia tu kwamba kila neno liko katika kamusi fulani. Haukuambii kwamba ni kamusi moja.

Jambo hili linafafanua pia kwa nini 'organized' na 'recognise' zaweza kukaa pamoja bila kompyuta kulalamika. Kamusi ya Uingereza iliyomo katika programu hiyo huzikubali tahajia zote mbili. Msimamo ni jambo la mtu kuchagua, na mashine haikuulizi umechagua nini.

Je, ni lazima kuchagua? Mwenyekiti alinitupia swali hilo, na lilikuwa swali zuri. "Mkulima akisoma 'labor' haelewi? Ataacha kuja?"

Ataelewa na atakuja. Tahajia ya Marekani haina dhambi. Noah Webster aliyeieneza alikuwa na hoja zake: katika kamusi zake za mwaka wa 1806 na 1828 alitaka maandishi yakaribie matamshi na taifa lake changa lijitenge na kanuni za London, ambazo kamusi ya Samuel Johnson ya mwaka wa 1755 ilikuwa imesaidia kuziimarisha. Baadhi ya mapendekezo yake, kama 'color' na 'center', yalishika. Mengine, kama 'tung' kwa maana ya ulimi na 'wimmen' kwa maana ya wanawake, watu waliyakataa. Hata sisi katika Kiswahili tuna 'mathalan' na 'mathalani', 'yamkini' na 'yumkini', na hakuna anayepelekwa kortini kwa kuchagua moja. Lakini mwandishi akiandika 'yamkini' mstari wa kwanza na 'yumkini' mstari wa tatu, msomaji makini husimama kidogo na kujiuliza kama maneno hayo yana tofauti ya maana. Gharama ya mchanganyiko ni huko kusimama. Msomaji wa mwaliko wetu alikutana na 'Programme' kwenye kichwa na 'program' katika aya ya pili. Mmoja wa wanachama, niliambiwa, aliuliza kama hizo ni ratiba mbili, maana kwa Mwingereza 'program' ni ile ya kompyuta, na chama kilikuwa kimeahidi mafunzo ya kompyuta kwa vijana.

Tukubaliane, basi, kwamba uchaguzi ni wa lazima na upande ni wa hiari. Mwaliko huu ulikuwa na njia tatu halali, na nikaziandika nyuma ya karatasi moja iliyoharibika.

Njia ya kwanza ni Kiingereza cha Uingereza cha '-ise': 'programme', 'centre', 'organised', 'recognise', 'fertiliser', 'neighbouring', 'labour', 'analysed', 'licence', 'practise'. Njia ya pili ni ya Oxford, iliyo sawa na ya kwanza isipokuwa katika matatu: 'organized', 'recognize', 'fertilizer'. 'Analysed' inabaki na 's'. Njia ya tatu ni ya Marekani: 'program', 'center', 'organized', 'recognize', 'fertilizer', 'neighboring', 'labor', 'analyzed', 'license', 'practice'. Katika njia zote tatu, 'honorary' haina 'u', 'maize' na 'prize' zina 'z', na World Health Organization haiguswi. Hata katika njia ya tatu, kibao cha mlangoni kikisema 'Centre', jina la jumba hilo linabaki 'Centre', kwa sababu ni jina.

Mwenyekiti alichagua ya kwanza, na sikumpinga. Hiyo ndiyo tahajia ya shule zetu, na ndiyo ya Katiba ya mwaka wa 2010, ambayo dibaji yake ina 'honouring' kwa 'u' na 'recognising' kwa 's'. Mimi binafsi ningevutiwa na ya pili, kwa kuwa gunia la mbolea analobeba mkulima wa kwetu mara nyingi limeandikwa 'fertilizer', na hapo mwaliko na gunia vingepatana. Lakini najua kwamba wengi wangeiona 'z' hiyo na kuichukua kalamu nyekundu, na mwaliko wa ukurasa mmoja hauna nafasi ya kujitetea.

Kuna mpaka mmoja zaidi wa kuzingatiwa, nao ni nukuu. Hauhusu mwaliko huu, ila unahusu karatasi nyingi zaidi zinazochapishwa huku kwetu: vijitabu vya mazishi. Utakuta kijitabu kimeandikwa Kiingereza cha Uingereza chote, kisha mwishoni kuna aya ya Biblia yenye 'Savior' bila 'u', kwa kuwa imetoka kwenye toleo la Marekani. Hilo si kosa la msimamo. Maneno ya mwingine huachwa alivyoyaandika. Ukitaka 'Saviour' yenye 'u', tafuta toleo linaloandika hivyo ulinukuu hilo, lakini usimsahihishe mtu ndani ya alama zake za nukuu.

Baada ya hapo tulikaa mimi na msichana mbele ya kompyuta. Tulibonyeza Ctrl+A kuchagua maandishi yote, tukaenda Review, Language, Set Proofing Language, tukachagua English (United Kingdom) na kuondoa alama kwenye Do not check spelling or grammar. Kisha F7. Hapo hapo 'maise', 'sise' na 'citisens' yakajitokeza, pamoja na 'analyzed' na 'honourary'. 'Prise', 'license' na 'practice' hayakujitokeza, kwa kuwa yote ni maneno halali mahali pengine, na hayo tuliyatafuta kwa macho. Mwisho tukatafuta iz kwa Ctrl+F, safari hii bila kubadilisha chochote kwa pamoja, tukilipitia kila neno na kuliuliza: wewe ni jina, ni mzizi, au ni kiambishi? Kazi yote ilichukua dakika kumi na mbili.

Na zile shilingi 2,000? Walikuwa wananingoja niseme.

Nilimwambia msichana kwamba Replace All katika maandishi ya maneno 120 ni uvivu unaojifanya kasi, na alikubali. Nilimwambia mwenyekiti kwamba aliletewa nakala moja aiangalie kabla ya zile 200 kuchapishwa, akaitia sahihi bila kuisoma. Sahihi yake bado ilikuwa pale chini. Kwa mwalimu nilisita, maana ni mkubwa kwangu na ndiye kidogo aliyejali kuliko sisi sote. Lakini amri iliyoharibu karatasi ni yake. Nilimwekea mbele neno 'Organization' na jina la lile shirika la kazi, lenye 'Labour' ya 'u' na 'z' pamoja, nikamwacha alitazame.

Alilitazama kwa muda. "Miaka thelathini," akasema, "nimekuwa nikikata hiyo 'z' kwenye insha za watoto."

Hakuna aliyemjibu. Mwishowe alitoa shilingi elfu moja, mwenyekiti akatoa elfu moja, na msichana akakubali kuchapisha upya kwa gharama ya karatasi pekee. Mimi niliondoka na nakala moja ya zile zilizoharibika. Nimeibandika ukutani juu ya meza yangu, upande wenye 'maise' ukitazama nje, kwa siku zile ambazo kalamu yangu nyekundu inakuwa na haraka.